Mjane Aliyeandikwa Bikira

Ukimpelekea Mama Pacha cheti chako akutafsirie, jiandae kuhojiwa. Atakipokea kwa mikono miwili, atakigeuza nyuma kabla hajakisoma mbele, atakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha atakuuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kulipenda: "Nani kakuambia ukitie plastiki?"

Maana watu, jamani, wana mapenzi ya ajabu na plastiki. Mtu akipata karatasi ya maana, mbio mpaka stesheneri akaivalishe. Anadhani anaitunza, kumbe anaizika hai. Wizara haiwezi kugonga muhuri juu ya plastiki. Na ule muhuri mkavu, unaokandamizwa bila wino, ambao ofisa hupitisha kidole chake kuusikia, hausikiki tena. Mama Pacha angeyasema hayo yote bila kupumua, mteja akitazama viatu vyake, na mwisho wa hotuba angeketi, avute miwani chini, aanze kuhesabu mihuri.

Mihuri kwake haikuwa pambo. Kila mmoja ulipaswa kuonekana kwenye tafsiri, ndani ya mabano, mahali pake palepale: wa duara, wa bluu, maneno yake ni haya, wa mstatili, wa wizara, namba yake ni hii, stempu ya ada, juu kushoto. Palipokuwa na wino uliomwagika aliandika kwamba hausomeki. Wateja walimbembeleza. "Mama, si unaona kabisa hapo ni 'mahakama'?" Naye hujibu, "Ninaloliona na ninalolidhani ni vitu viwili. Mimi nalipwa kwa ninaloliona."

Halafu majina. Hapo ndipo presha ilipompanda. Cheti cha Kiarabu humwandika mtu kwa mnyororo: jina lake, la baba yake, la babu yake, na la ukoo kama lipo. Fomu za Kiingereza zina visanduku viwili tu, na watu wanataka mnyororo mzima ukatwe uingie humo. Tena mke hachukui jina la mume. Kwenye cheti cha ndoa anabaki binti wa baba yake. Kwa hiyo baba ana mnyororo wake, mama ana wake, mtoto kafuata wa baba, na ofisa huko mbele anashika kichwa akiuliza hii ni familia gani isiyofanana majina. Kila wiki anakuja mtu na lilelile: "Mama Pacha, geuza kidogo tu, hilo la mume liwe langu." Thubutu! Aliyaandika yalivyopangwa, kwa herufi za kwenye pasipoti, na chini akaweka maelezo ya mtafsiri, akieleza kwamba mpangilio ni wa karatasi ya asili. Basi.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Chumba kimoja, meza mbili zinazotazamana, printa moja yenye kikohozi, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ulisimama juu ya kamusi ya zamani. Meza ya pili ilikuwa ya mumewe, Baba Pacha. Wote wawili walikuwa watafsiri walioapishwa, kila mmoja na muhuri wake. Watoto wao pacha walikuwa wamekua na kuhama, na majina hayo ya uzazi ndiyo yaliyobaki kuwa majina yao kazini.

Baba Pacha wateja walimpenda mno. Alikuwa mwalimu wa Kiarabu kabla ya hii kazi, ana sauti nzuri, ana subira, na hana maswali. Unampa cheti asubuhi, mchana unakichukua. Siri ya kasi hiyo mkewe aliijua, na ilikuwa inamla ini. Kwenye kompyuta yake Baba Pacha alikuwa na tafsiri za zamani, ndoa huku, talaka kule, vyeti vya kuzaliwa pale. Akipata cheti kipya hufungua cha zamani kutoka mahakama ileile, anafuta majina, anaweka mengine, anabadilisha tarehe za hijria na za miladi, namba ya daftari, mahari ya kutangulizwa na ya kuahirishwa, walii, mashahidi wawili, anachapa. Kwa nini asifanye hivyo? Maneno ni yaleyale. Kwa Jina la Mwenyezi Mungu juu, kisha "baada ya kuthibitika kwamba hakuna kizuizi cha kisheria", kisha ijabu na kabuli, yaani kuoza na kukubali, kisha "kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake". Ukisoma vyeti mia utadhani umesoma kimoja.

"Hivyo hivyo ndivyo vinavyokulaza usingizi," Mama Pacha humwambia. "Unavaa nguo ya mtu bila kuifua. Siku moja utakuta leso yake mfukoni."

"Mama Pacha nawe," hujibu mumewe, akitabasamu lile tabasamu lake la ualimu. "Punguza moto."

Alikuwa akiambiwa apunguze moto tangu walipooana.

Sasa, asubuhi moja akapanda ngazi fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo kidogo, ana uzi mwekundu umening'inia begani bila kujijua, na binti yake wa miaka minane nyuma yake. Walimkumbuka. Miezi iliyopita alileta vyeti vyake kutoka nchi ya Kiarabu alikoishi miaka mingi: cha kuzaliwa mtoto, cha kifo cha mume wake wa kwanza, na cha ndoa na mume wa pili, ambaye sasa yuko ng'ambo kikazi na amewaombea mama na mtoto wamfuate. Alihudumiwa na Baba Pacha, na siku ile aliondoka akimwombea dua.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Mama Pacha akajibu. "Karibu. Mbona uso umeshuka?"

Fundi akatoa barua. Mwenyewe Kiingereza hakukisoma. Alisomewa juujuu na jirani, na jirani akamwambia kuna tatizo la "uongo". Mama Pacha akaipokea, akaigeuza nyuma kwanza, kisha akaisoma na kumtafsiria polepole. Viza ya mama imetoka. Aingie kabla ya mwisho wa mwezi ujao, la sivyo itakufa. Ya mtoto imezuiwa. Sababu: cheti cha ndoa kinasema bibi harusi alikuwa bikira siku ya kuolewa, lakini cheti cha kuzaliwa kinamtaja kuwa ndiye mama wa mtoto aliyezaliwa miaka kabla ya ndoa hiyo, na baba ni mwanamume mwingine. Kwenye fomu amejiita mjane. Mjane wa nani, ikiwa hajawahi kuolewa? Nani hasa baba wa mtoto, yuko wapi, na nani mwenye haki ya kumsafirisha? Ajibu kwa maandishi. Asipojibu, mtoto amekataliwa.

"Bikira?" Fundi akauliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Mimi? Na huyu hapa nimemzaa na nani?"

Mtoto alikuwa ameketi benchini akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika za printa. Hakuinua kichwa.

"Mume wangu kanipigia jana," Fundi akaendelea. "Anasema, njoo kwanza wewe, mtoto atafuata. Atafuata na nani, mama? Mama yangu kafa. Mkwe wangu wa kwanza kafa. Nimwache kwa jirani kama mzigo? Siendi bila mwanangu. Nisipokwenda, viza inakufa na ndoa yangu nayo naiona inakufa. Nisaidieni."

Mama Pacha akanyoosha mkono kuomba vyeti vya asili. Cha ndoa akakiweka kulia, tafsiri kushoto, akatembeza rula mstari kwa mstari. Majina sawa. Tarehe sawa, zote mbili. Mahari sawa. Mihuri, hata mihuri, mzee alijitahidi, yote minne ipo. Kisha rula ikasimama penye hali ya bibi harusi. Kiarabu kilikuwa wazi kabisa, kwa mwandiko mzuri wa msajili: mwanamke aliyekwisha kuolewa, mjane. Kiingereza kilisema bikira.

Alijua pale pale. Hakuhitaji kuambiwa. Huyo alikuwa bibi harusi mwingine, msichana wa watu ambaye karatasi yake ilifunguliwa asubuhi ile ili ivuliwe majina. Kila kitu chake kilifutwa isipokuwa ubikira wake, ukaachwa humo, ukavalishwa mjane.

"Baba Pacha," akaita, kwa sauti ndogo. Waliomzoea walijua kwamba sauti hiyo ndogo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Njoo uone leso."

Baba Pacha akaja, akainama, akasoma. Masikio yake yakabadilika rangi. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena kana kwamba wino ungemwonea huruma.

"Ah," akasema. "Ni neno moja tu."

"Neno moja!"

"Cheti kizima ni sahihi, neno moja tu limeteleza. Linarekebishika hili. Dakika tano." Na kabla mkewe hajapata pumzi ya kumjibu, ameshakimbilia kompyuta, kafuta, kaandika "mjane", kachapa. Printa ikakohoa. Akaigonga muhuri karatasi, akaweka sahihi, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili. "Haya, binti yangu. Pole sana. Wapelekee hii, waambie ndiyo hasa."

Mama Pacha akaipokonya. Akaitazama chini. Tarehe ilikuwa ileile ya zamani.

Lahaula! Hapo ndipo moto ulipokataa kupunguzwa. "Wana nakala mkononi, wewe mtu! Wana ya kwanza! Unawapelekea karatasi mbili zenye tarehe moja, sahihi moja, muhuri mmoja na maneno mawili, halafu watamwita nani mwongo? Watakuita wewe? Hawakujui! Watamwita huyu! Watasema kaona kakwama, kaenda kutengenezewa nyingine!"

"Basi tafsiri wewe upya, weka muhuri wako. Wewe jina lako ni safi."

Alifikiria. Hakika alifikiria, maana kwa mkono wake ingekuwa imekwisha kabla ya mchana. Lakini akatikisa kichwa. "Nikitafsiri mimi itaonekana alizunguka mji mpaka akapata mtafsiri wa kumwandikia anachotaka. Aliyekosea ndiye aseme amekosea. Tafsiri mpya, tarehe ya leo, juu iandikwe kwamba imesahihishwa na inachukua nafasi ya ile ya tarehe fulani. Na pamoja nayo kiapo chako mbele ya wakili, ueleze kosa lilivyotokea. Hakuna njia nyingine, na unajua hakuna."

Baba Pacha alijua. Akashika tama. "Baraza la watafsiri wakikiona kiapo hicho wataninyang'anya muhuri. Mwaka jana walinionya kwa ile tarehe niliyokosea. Umesahau? Umri wangu huu, nianze kuitwa mzembe?" Akageuka kwa Fundi, sauti imelainika. "Binti yangu, tuseme mashine ilikosea. Mashine huwa zinakosea. Wao wenyewe wanajua."

"Mashine ndiyo iliyokula kiapo?" mkewe akauliza.

Sasa Fundi akasema, tena bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa: "Mzee wangu, ngoja nielewe. Kwa hiyo kwenye hiyo ya Kiingereza, baba yake huyu mlimfuta?"

Baba Pacha akafungua mdomo.

"Maana mimi niliolewa," Fundi akaendelea. "Nilifungiwa ndoa, watu walikula wakashiba. Nilimuuguza mume wangu, nikamzika. Huyu mtoto ana sura yake, ukimwona akikasirika ni yeye mtupu. Sasa wazungu wanasoma kwamba sikuwa na mume. Basi huyu ni mtoto wa nani? Umeniandikia mwanangu hana baba, mzee. Na mimi nilikuwa nakuombea dua siku hiyo."

Baba Pacha alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amemaliza kuchora nyumba na sasa anaiwekea madirisha mengi kupita kiasi. Aliketi kwenye kiti chake taratibu.

"Nitaandika," akasema.

Unafikiri yakaishia hapo? Hata! Mwanamume akishazoea njia yake, hata akitubu anaipitia ileile. Alichapa, akachapa, printa ikakohoa, akaleta kiapo. Mama Pacha akakisoma kwa sauti, akimtafsiria Fundi. Kilianza vizuri: mimi niliyeweka sahihi hapa chini, mwenye akili timamu, naapa na kusema ukweli. Kikaendelea kwamba katika tafsiri ya cheti kilichotajwa kuliingia kosa. Kisha: "… ambacho kilipotea kituo cha mabasi, na juhudi zote za kukitafuta, ikiwemo kutoa taarifa polisi, hazikufanikiwa."

Akaacha kusoma.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Kituo cha mabasi?"

Baba Pacha akaja mbio, akasoma, akapiga paji la uso. Kiapo cha kupotelewa na kitambulisho. Alikifungua, akabadilisha majina.

Mama Pacha alitaka kulia. Alihisi kabisa machozi yanakuja, machozi ya miaka yote ile ya kuishi na kufanya kazi chumba kimoja na mtu huyu mwema asiyesikia la mtu. Anatubu kwa nakala! Anaomba radhi kwa karatasi ya mtu aliyepoteza kitambulisho! Kabla halijadondoka chozi akasikia mtu anacheka. Alikuwa Fundi. Alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na mtoto wake akamtazama kwa mshangao, maana hakuwa amemwona mama yake akicheka tangu barua ilipofika.

"Ubikira wangu umepotea kituo cha mabasi," Fundi akasema, akijifuta macho. "Na polisi hawakuupata."

Hata Baba Pacha akacheka, kicheko cha aibu. Mama Pacha hakucheka. Aliinama chini ya meza ya mumewe akachomoa waya wa kompyuta, kioo kikawa cheusi. Akamwekea mbele karatasi nyeupe na kalamu.

"Kwa mkono. Kiswahili kwanza. Kama unavyomwambia mtu."

Baba Pacha aliandika, akakata. Aliandika, akakata. Mara ya kwanza kosa "lilitokea". Mkewe akasema makosa hayatokei yenyewe kama mvua, na akairudisha. Mara ya pili kulikuwa na "msongamano wa kazi". Akairudisha. Ya tatu aliandika muda mrefu, kichwa kimeinama, kama mwanafunzi aliyebakishwa darasani. Mama Pacha aliisoma akiwa amesimama.

"Sikutafsiri cheti hiki mwanzo hadi mwisho. Nilifungua tafsiri ya bibi harusi mwingine niliyoifanya zamani, nikabadilisha majina na tarehe, na nikasahau kubadilisha hali yake. Cheti cha asili kinasema mwombaji alikuwa mjane, na ni kweli. Hakuniomba niandike vingine na hakujua nimeandika nini. Mtoto ana baba, na baba huyo amefariki, kama cheti cha kifo kinavyoonyesha. Kosa ni langu peke yangu."

Akaisoma mara mbili. Akatafuta cha kusahihisha, maana ndiyo tabia yake, na hakukipata. Alimrudishia na kurudisha waya wa kompyuta.

Baba Pacha akaiweka kwa Kiingereza. Kisha akakitafsiri cheti chote upya, tangu Kwa Jina la Mwenyezi Mungu mpaka muhuri wa mwisho, kutoka ukurasa mtupu. Ilimchukua mpaka adhuhuri. Mkewe alikaa pembeni na rula. Nakala ya cheti cha asili ikabanwa pini pamoja na tafsiri, muhuri ukagongwa katikati, nusu juu ya karatasi hii na nusu juu ya ile, ili mtu asiweze kuchomoa moja akaweka nyingine.

Kwa wakili, ng'ambo ya barabara, wakili alikuwepo lakini muhuri wake ulikuwa mkavu na karani wake kaenda kununua wino. Walimsubiri. Karani alirudi na wino wa kijani. Mama Pacha alifumba macho, akasema gongeni tu, kijani nacho ni rangi.

Na huko ofisi ya kupokea maombi, dirishani, palikuwa na msichana mwenye kucha ndefu ambaye alitazama zile karatasi na kusema, "Toeni pini. Tunapokea karatasi zilizo wazi tu, lazima ziingie kwenye mashine."

"Ukitoa pini tafsiri inakufa," Mama Pacha akasema. "Angalia muhuri ulivyokaa. Umepita katikati."

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Utaratibu wenu wenyewe, uko ukutani nyuma yako, unasema tafsiri iambatanishwe na asili yake. Ikiambatanishwa kwa nini? Kwa mate?"

Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Fundi alimshika Mama Pacha mkono wa nguo. Msichana akaita msimamizi, msimamizi akaja na kikombe chake, akasoma kiapo chote akiwa amesimama. Alipofika mwisho alimtazama Baba Pacha, aliyekuwa amejificha nyuma ya mkewe.

"Huyu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Sijawahi kuona mtafsiri akiandika hivi," akasema msimamizi. Akamwambia msichana azikunje karatasi pembeni bila kung'oa pini, zitaingia. Na kweli ziliingia.

Wakasubiri. Fundi alipita ofisini kila alipopata upenyo kuuliza kama kuna habari, ingawa habari zingemfikia yeye kabla yao. Mwisho wa mwezi ukakaribia, alikuwa amefunga sanduku moja na kulifungua tena. Halafu asubuhi moja akapanda ngazi mbiombio, mtoto mbele safari hii, pasipoti ndogo mkononi. Viza ya mtoto. Mnyororo wake mzima ulikuwepo: jina lake, la baba yake, la babu yake.

Fundi alimkumbatia Mama Pacha mpaka miwani ikaanguka. Kwa Baba Pacha alisimama kidogo. "Mzee, hasira yangu bado haijaisha," akamwambia. "Lakini nakuaga." Akampa mkono, akaondoka na mwanawe.

Hadithi ya Fundi ikaishia hapo, na Mama Pacha alidhani kwamba yake nayo imeishia hapo. Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka baraza la watafsiri. Muhuri wa Baba Pacha umesimamishwa mpaka shauri lisikilizwe, kutokana na taarifa yake mwenyewe aliyoituma pamoja na nakala ya kiapo.

"Taarifa yako mwenyewe?" Mama Pacha akapaza sauti. "Nani alikutuma? Mtoto kapata viza, mama yake kaondoka, kimekwisha! Hakuna aliyekushtaki! Wewe mtu, ukiambiwa usifanye unafanya, usipoambiwa ufanye ndiyo kabisa!"

Baba Pacha hakutabasamu. Alikuwa amekaa sakafuni, amezungukwa na mafaili ya zamani, nakala za vyeti alizotunza miaka yote, na rula ya mkewe mkononi.

"Ile karatasi ya bibi harusi," akasema. "Nimeikumbuka. Niliitumia kwa wengi, Mama Pacha. Si yeye peke yake."

Mama Pacha alibaki amesimama na barua ya baraza mkononi. Mwishowe aliitupa barua mezani, akavuta kanga yake, akaketi sakafuni upande wa pili wa lile rundo. Walisoma asubuhi nzima, yeye Kiarabu, mumewe Kiingereza, hali ya bibi harusi tu, faili baada ya faili. Bikira, bikira. Bikira, bikira. Ameachwa, ameachwa, hapo alikumbuka kubadilisha. Kisha Mama Pacha akasoma, "Mjane," na hakuna sauti iliyomjibu.

Namba ya simu ilikuwa juu ya faili. Huenda imeshabadilika. Mama Pacha aliipiga, akaweka simu wazi ili wote wasikie. Ikaita sana.

"Halo?"

"Halo, mama, habari za asubuhi. Samahani kukusumbua. Ni ofisi ya tafsiri, juu ya duka la miwani. Sijui kama unatukumbuka. Zamani tulikutafsiria cheti chako cha ndoa, ulikuwa unaomba kusafiri na wanao. Sasa tumegundua kwamba tulikosea. Mahali penye mjane, tuliandika…"

"Bikira," ikasema sauti.

Mama Pacha akaisogelea simu.

"Kumbe ni nyinyi," ikasema sauti ile. "Watoto walikataliwa. Mume wangu alingoja, akachoka, akanipa talaka. Wakwe walisema niliwadanganya wazungu, nikasema sikuandika mimi, nani aniamini? Miaka yote hii najiuliza nilikosea wapi kwenye ile fomu. Kumbe ni nyinyi."

Mama Pacha alitazama simu, akamtazama mumewe. Hakumfokea. Alimsogezea simu tu juu ya mafaili, na Baba Pacha akaichukua kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."